Jinsi nilivyopata maneno ya keki ya bibi

Keki ya bibi ya miaka 70 ilikuwa ya duara, upana sentimita 20. Wajukuu walitaka iandikwe "Heri ya siku ya kuzaliwa Bibi yetu mpendwa". Niliona haitatosha, nikakata karatasi ya duara yenye upana uleule. Maua ya krimu ya ukingoni yangekula sentimita mbili kila upande, kwa hiyo nikachora duara la ndani la sentimita 16.

Herufi ya krimu inayosomeka vizuri huhitaji karibu sentimita moja na nusu, hivyo mstari wa katikati unabeba herufi kama kumi tu. Ya juu na ya chini inabeba chache zaidi, maana duara linabana. Sentensi yao ina herufi 35 bila nafasi, ingekuwa mistari mitano. Ukizipunguza herufi, matundu ya "a" na "e" huziba, hasa krimu ikilainika kwa joto.

Umri tukauachia mishumaa ya namba. Keki yenyewe ilishasema ni sherehe, kwa hiyo maneno yamhusu bibi mwenyewe. Bibi yetu hakusalimii bila kuuliza kama umekula. Tukamrudishia swali lake:

Bibi,
umekula?

Mistari miwili, na neno refu likakaa katikati. Mpishi nilimpelekea karatasi ileile, alama ya kuuliza ikiwemo. Aliweka alama za herufi kwa kijiti cha meno kwanza, ndipo akakamua krimu.