Ninavyopanga uchunguzi kifani wa mlipuko wa volkeno: Nyiragongo, Januari 2002

Kazi nyingi za wanafunzi kuhusu volkeno ninazosahihisha hapa Dar zina ukurasa wa sababu, ukurasa wa athari na ukurasa wa hatua zilizochukuliwa, ila kurasa hizo hazijuani. Ukichomoa ule wa sababu ukaweka wa volkeno ya Japani, kazi inasomeka vilevile. Hapo ndipo alama zinapopotea. Mimi naanza kupanga kutoka katikati: naorodhesha athari kwanza, kisha kwa kila moja narudi nyuma nione ni tabia gani ya volkeno hii iliyoileta, halafu nasonga mbele nione nani alifanya nini kuihusu. Athari isiyokubali kufungwa pande zote mbili haipati aya yake.

Uchaguzi wa volkeno unaamua nusu ya kazi. Wengi hukimbilia Kilimanjaro kwa kuwa ni yetu, lakini haina mlipuko ulioandikwa katika historia, kwa hiyo huna athari wala hatua za kueleza. Ol Doinyo Lengai ina mlipuko mzuri wa 2007 na 2008 na lava ya aina ya pekee duniani, ila eneo lile lina watu wachache na sehemu ya tatu ya kazi inakuwa nyembamba. Nyiragongo, upande wa mashariki wa Kongo, ina vyote: mlima unaoeleweka, mji mkubwa chini yake, mpaka wa nchi, ziwa lenye gesi, na milipuko mitatu ya 1977, 2002 na 2021 inayoweza kulinganishwa. Nachukua wa 2002 kama mwili wa kazi, na hiyo mingine miwili naitumia kupimia.

Kabla ya maneno, nachora ramani. Mlima uko kaskazini mwa Goma, kama kilomita 18 kutoka kreta hadi mjini, yaani sawa na kutoka Posta kwenda kuikaribia Mbezi. Kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 2, umbali huo unakuwa sentimita 9 na ramani inaenea nusu karatasi ya A4. Naweka kreta juu, nyufa zinazoshuka ubavu wa kusini, njia ya lava, uwanja wa ndege, Ziwa Kivu chini, na mpaka wa Rwanda upande wa mashariki na Gisenyi ng'ambo yake. Mshale wa kaskazini na kipimo visisahaulike. Ramani hii si pambo. Kila kitu kilichomo kitatajwa tena kwenye maandishi, na kisichotajwa nakifuta.

Sababu nazigawa katika maswali matatu, na hapa sipendi haraka. La kwanza, kwa nini kuna volkeno pale? Kwa sababu ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako mabamba ya ardhi yanaachana, tabaka la juu linavutwa na kuwa jembamba, na mwamba wa moto kutoka chini unapata njia. Kosa ninaloliona kila mara ni mwanafunzi kunakili maelezo ya bamba moja kuzama chini ya jingine. Hayo ni ya Indonesia au Chile, si ya hapa.

La pili, kwa nini lava yake iko vile? Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, asilimia 40 hivi au pungufu, kwa hiyo ni nyepesi na inatiririka kuliko lava karibu zote duniani. Ndiyo maana kreta yake imekuwa na ziwa la lava kwa miaka mingi. Mwaka 1977 ziwa hilo lilivujia nje kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiofika saa moja, na kwenye mteremko mkali lava ilikadiriwa kwenda kilomita 60 kwa saa au zaidi. Watu wa vijiji vya mlimani hawakuwa na nafasi ya kukimbia.

La tatu, kwa nini siku ile na upande ule? Asubuhi ya Januari 17, 2002 nyufa zilifunguka kwenye ubavu wa kusini na kuendelea kushuka hadi karibu kabisa na Goma. Hili ndilo jambo la kusisitiza. Lava haikumwagika kutoka kileleni ikasafiri njia yote. Ardhi ilipasuka karibu na mji, na sehemu ya lava ikatokea huko chini. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba mlima ulilipuka hawezi baadaye kueleza kwa nini mji wenyewe ulikatwa vipande.

Sasa athari. Sentensi ninayoikuta kwenye madaftari ni hii: "Lava iliharibu nyumba, barabara na uwanja wa ndege, na watu wengi walikufa." Haina kosa, ila haina kazi. Naiandika upya kwa kuchukua kitu kimoja, njia ya kurukia ndege, na kukifuata mpaka mwisho:

"Kwa kuwa nyufa zilifunguka karibu na mji, mkondo wa lava ulipita moja kwa moja kwenye uwanja wa ndege na kufunika takriban theluthi ya njia ya kurukia upande wa kaskazini. Njia iliyobaki ilikuwa fupi kwa ndege kubwa za mizigo. Hivyo misaada mingi ililazimika kuingia kwa barabara kupitia Rwanda."

Sentensi tatu tu, lakini zina sababu, athari na hatua ndani yake, na msahihishaji hawezi kuzihamishia volkeno nyingine. Aya za namna hii tatu au nne zinatosha sehemu nzima ya athari. Ya pili naijenga juu ya katikati ya mji: mkondo ulipita kwenye mitaa ya biashara, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji ikafunikwa, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makazi.

Ya tatu ni vifo, na hapa kuna mtego. Vyanzo vinatofautiana, kuanzia hamsini hivi hadi karibu mia na nusu, kwa sababu baadhi vinahesabu waliokufa siku ya kwanza tu na vingine vinaongeza waliokufa siku chache baadaye, hasa katika mlipuko wa kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava ya moto watu wakiwa wanachota mafuta. Usichague namba moja ukaishikilia. Andika kiwango na useme kinatofautiana kwa nini. Mistari miwili hiyo inaonyesha umesoma. Kisha uliza mbona vifo vilikuwa vichache kulingana na nyumba zilizoteketea. Jibu linarudi kwenye ramani: karibu na mji mteremko ni mdogo, lava ilipungua kasi hadi ya mtu anayetembea, na watu wakapata muda wa kuondoka. Nyumba haina miguu.

Mtego mwingine ni Ziwa Kivu. Maji yake ya kina kirefu yana kaboni dioksidi na methani nyingi iliyoyeyuka, na lava ilipoingia ziwani wataalamu walihofia gesi hiyo ingefumuka. Haikufumuka. Tabaka lenye gesi nyingi linaanza chini ya mita 250 hivi, na lava haikufika huko. Kwa hiyo jambo hili linaandikwa kama hatari iliyohofiwa, si kama athari iliyotokea. Nimeona kazi nzuri zikikatwa alama kwa kuandika kwamba ziwa "lililipuka".

Sehemu ya hatua ndiyo wengi huimaliza kwa orodha ya mashirika, blanketi na mahema. Mimi nauliza swali moja kwa kila hatua: je, ilifanya kazi, na kama haikufanya, kwa nini? Kwa kuanzia, uhamisho wa 2002 haukuongozwa na mamlaka. Watu kati ya laki tatu na laki nne waliondoka wenyewe, wengi wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Kambi zikafunguliwa kwa ajili yao, lakini ndani ya siku chache wengi walikuwa wameshageuka kurudi Goma, wakati lava bado ina moto na ardhi bado inatetemeka. Ukieleza hilo kwa neno "ukaidi" umekosea. Kongo ilikuwa vitani, Goma ilikuwa mikononi mwa waasi waliosaidiwa na Rwanda, na kumbukumbu ya kipindupindu kilichoua maelfu kwenye kambi za wakimbizi mwaka 1994 ilikuwa bado mbichi. Pia mwenye nyumba iliyosalimika aliogopa wezi. Misaada ikabidi iwafuate watu mjini badala ya kuwangoja kambini.

Kwa hatua za muda mrefu natumia 2021 kama kipimo. Baada ya 2002 kituo cha uchunguzi wa volkeno cha Goma kiliongezewa vifaa vya kupima mitetemo. Lakini mlima ulipolipuka tena jioni ya Mei 22, 2021, hakukuwa na onyo rasmi kabla. Mwepesi wa kulaumu atasimama hapo, kwa kuwa ufadhili wa kituo ulikuwa umekoma mwaka uliotangulia na kwa miezi kadhaa kilikosa hata intaneti ya kupokea takwimu kutoka mlimani. Mwenye kujua ataongeza upande wa pili: uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba dalili za wazi kwenye mitetemo zilijitokeza kama dakika 40 tu kabla. Magma ilikuwa tayari karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo haikuhitaji kupasua mwamba mwingi ili itoke. Basi tatizo ni fedha kwa sehemu, na tabia ya mlima kwa sehemu, na hapa sehemu ya mwisho inashikana tena na ile ya sababu. Siku tano baadaye, Mei 27, mamlaka iliamuru sehemu ya mji ihamwe. Mamia ya maelfu waliondoka na mlipuko wa pili haukutokea. Hilo nalo lipimwe: onyo lisilofuatiwa na mlipuko lina gharama yake siku utakapotolewa mwito mwingine.

Kwa kazi ya kurasa nne nagawa hivi: nusu ukurasa ramani na mahali, ukurasa mmoja sababu, ukurasa na robo athari, na zilizobaki zote hatua pamoja na tathmini yake. Kwenye mtihani, muda ukibana, ninachopunguza ni maelezo ya jumla ya Bonde la Ufa, hata yakabaki sentensi mbili. Ninachokataa kukigusa ni ile aya ya njia ya kurukia ndege na ile ya watu kurudi Goma, maana msahihishaji akisoma hizo mbili peke yake anajua tayari ni volkeno gani, mwaka gani, na kwamba aliyeandika ameelewa kilichotokea.