Saa 62

Jana mdogo wangu kaniuliza, dada nimepata mteja wa kumuendeshea akaunti zake, posti 12 kwa mwezi, nimchaji ngapi? Nimeshindwa kumjibu pale pale maana nimekumbuka usiku ule.

Mimi nilipiga hesabu hivyo hivyo. Posti 12, kila moja masaa mawili ya kupiga picha na kuandika maelezo, jumla masaa 24, nikazidisha na bei yangu ya saa moja, mteja akakubali bila kuomba punguzo, nikafurahi sana.

Mwezi wa pili sasa. Saa 5 usiku nimeshalala, simu inatetemeka kwenye godoro. Ni yeye: "Kuna mtu ameuliza bei inboksi tangu saa 4, mbona hajajibiwa?" Nikakaa kitandani, mwanga wa simu unaniumiza macho, nikamjibu yule mtu, akauliza saizi, nikajibu, akauliza kama mzigo unafika kesho, hilo silijui ikabidi nimuulize mteja wangu naye kashalala. Usingizi ukaisha. Nikachukua daftari, maana tangu mwezi uanze nilikuwa naandika kila dakika, nikajumlisha pale pale. Posti zilikula masaa 26, sikukosea sana. Inboksi na komenti dakika 45 kwa siku, jumamosi na jumapili zikiwemo, ni masaa 22 na nusu. Marekebisho ya "badilisha rangi kidogo" 9 na nusu. Vikao na ripoti masaa 4. Jumla 62! Nimelipwa 24. Nilijumlisha mara tatu nikidhani nimekosea.

Asubuhi nikamtumia bei mbili. Ya kwanza posti 12 tu, kila posti marekebisho mara mbili, ya tatu inalipiwa. Ya pili inaongeza inboksi, jumatatu mpaka ijumaa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya malipo ya zamani. Zote zinalipwa tarehe 1 kabla kazi haijaanza, na hela ya matangazo analipa mwenyewe kwa kadi yake, haipiti kwangu. Akachagua ya kwanza, inboksi akasema atajibu mwenyewe.

Wiki tatu baadae naingia kupandisha posti naona meseji kibao hazijafunguliwa, watu wanauliza bei ya kile kile nilichokiposti mimi. Iliniuma, maana posti inaleta mtu halafu mtu anakosa wa kumhudumia, na mwisho wa mwezi ataona mauzo hayajapanda aseme posti hazifanyi kazi. Nikajibu mmoja. Nikafunga. Mpaka leo sijui kama nilikata sehemu sahihi au ningeiacha inboksi nikate posti ziwe 8.

Mdogo wangu bado anasubiri bei. Nimemuandikia kwanza swali moja: inboksi anajibu nani?