Siku moja maishani mwangu: afisa programu na mipigo 40 ya pampu

Watu wengi hudhani ziara ya uwandani ni safari ya kupiga picha na kusaini kitabu cha wageni. Naeleza siku moja ya wiki iliyopita, nilipotumwa kukagua kisima cha pampu ya mkono ambacho taarifa ya robo mwaka ilisema "kinafanya kazi", ilhali kamati ya maji ilikuwa imeandika barua ya kuomba kisima kipya kwa sababu hiki "kimekauka".

Saa 11 alfajiri niliamka, nikasoma barua ile tena garini, na saa 2 asubuhi nilikuwa kisimani. Nimezoea kugawa ukurasa wa daftari langu sehemu tatu kabla ya kusalimiana na mtu: yaliyoonekana, yaliyobainika na mapendekezo. Sehemu ya pili na ya tatu huziacha tupu mchana kutwa, na zoezi hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mwenyekiti wa kamati hakuchelewa kuniambia, "Afisa, andika tu kwamba maji yamekwisha." Niliiandika kauli yake, pamoja na cheo chake na saa aliyoitamka.

Foleni ilikuwa na madumu 24 ya lita 20. Nilimwomba kijana apige mpini mara 40 kwa dakika moja huku maji yakiingia kwenye ndoo yenye alama za lita, tukarudia mara tatu, tukapata lita 9, 9 na 8. Pampu inayotoa chini ya lita 10 kwa mipigo hiyo ina hitilafu, ila kipimo hiki peke yake hakisemi hitilafu iko wapi.

Hapo ndipo siku ilipoanza kunielemea. Kipimo cha pili kinataka pampu ipumzike nusu saa bila kuguswa, kisha uhesabu mipigo hadi maji yatoke. Ikizidi mitano au sita, maji yanarudi chini kupitia vali ya chini au bomba la kupandishia. Ningepaswa kukipanga mchana, foleni inapopungua, lakini ratiba niliiandika mwenyewe ofisini bila kuwaza juu ya foleni. Nilisimama mbele ya mpini kama askari, nikieleza jambo lilelile kwa kila aliyefika, hadi mama mmoja mzee akaniuliza, "Mwanangu, umekuja kutuletea maji au kutuzuia?" Nilimjibu, "Nisamehe mama, zimebaki dakika 12," na dakika hizo 12 zilikuwa ndefu kuliko safari nzima ya asubuhi. Maji yalitoka kwenye mpigo wa tatu.

Baada ya hapo saa sikuziangalia sana. Niliketi na mhazini peke yake, kisha na kina mama wachoteaji bila kamati kuwapo. Daftari la matengenezo lilikuwa na ingizo la mwisho la miezi 8 iliyopita, fedha zilikuwapo. Jioni nilirudia mipigo 40, nikapata lita 9 kama asubuhi, baada ya watu kuchota mchana kutwa.

Usiku, mgongo ukiuma, niliandika ripoti. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi "kamati imezembea" kwenye yaliyoonekana, nami niliifuta, kwa maana uzembe hauonekani kwa macho. Kilichoonekana ni ukurasa usio na ingizo. Hata kwenye yaliyobainika haikustahili kukaa, kwani mhazini na kina mama, kila upande kwa wakati wake, walieleza kwamba fundi hakuitwa kwa sababu wote waliamini maji yamekwisha, na fedha zikawekwa akiba ya kisima kipya.

Lililobainika likawa hili: maji hayarudi chini, kiasi hakikupungua kati ya asubuhi na jioni, hivyo kinachoshukiwa zaidi ni mpira uliochakaa wa pistoni inayopandisha maji, si kukauka kwa kisima. Niliongeza kikomo chake, kwamba vipimo ni vya siku moja ya msimu mmoja, na kina cha maji hakikupimwa.

Pendekezo lilipaswa kutokana na hapo tu: kamati imwite fundi abadilishe mpira ndani ya wiki mbili kwa fedha iliyopo, nami nirudi na ndoo ileile, lita zikibaki chini ya 10, ndipo shirika lipime kina cha maji kabla ya yeyote kuzungumzia uchimbaji. Kiongozi wangu alipiga simu kuuliza kwa nini ombi la kisima kipya halimo kwenye mapendekezo. Nilimjibu kwamba limo ukurasa wa kwanza, kwenye yaliyoonekana, likiwa ndani ya alama za kunukuu, mstari mmoja juu ya swali la yule mama mzee.