Kispika kilitaja mara moja tu

Nipo Pune, India, nimetoka kunywa chai sasa hivi.

Kwenye kaunta kuna kispika kidogo chenye laini yake ya simu. Ukiskani QR ukalipa, kinatamka kwa Kihindi: rupia 20 zimepokelewa.

Leo tulilipa wawili kwa pamoja, kila mtu 20. Kikatamka mara moja tu.

Tukatazamana.

Simu zetu zote zilionyesha tiki ya kijani, lakini mzee muuza chai hakuziangalia, maana skrini hughushiwa. Kispika hupata taarifa kutoka kampuni ya malipo kwamba pesa imeingia kwa mwenye duka. Kinataja kiasi, hakisemi nani kalipa.

Akafungua simu yake. Majina yetu yote mawili yalikuwepo. Tangazo la pili ndilo lililokwama kwenye mtandao.

Ule ukimya, jamani! Moyo ulinidunda kama nimeiba.

Nanyi yamewahi kuwakuta?