Jumla iliyogoma kupungua: SUM ilivyoniumbua mbele ya wakulima

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si mtu wa kompyuta. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Tandahimba, kazi yangu ni mzani, daftari na, tangu tulipoletewa kompyuta ya ofisi, Excel. Nilijifunza kwa kuangalia mgongoni kwa mwenzangu aliyekuwepo kabla yangu, na kwa miaka mitatu nilijiona fundi. Nilikuwa nikisema "nipe dakika tano" mbele ya mwenyekiti kama vile nakwenda kurusha ndege.

Msimu huo tulikuwa tumepokea korosho za awamu ya kwanza, mistari 612 kwenye kompyuta, kila mkulima na siku aliyoleta. Safu D niliandika daraja, I au II. Safu E magunia, safu F kilo. Chini kabisa, baada ya kuacha mstari mmoja wazi, niliweka jumla yangu:

```
=SUM(F2:F613)
```

Ikatoa 48,360. Sawa kabisa na daftari la mzani. Nikafurahi.

Mwenyekiti akataka kwa ajili ya mkutano kurasa mbili, moja ya daraja la kwanza na moja ya daraja la pili. Rahisi. Nikawasha Filter, nikachuja I, nikachapa. Nikachuja II, nikachapa. Nikabana kwa pini, nikaenda kula.

Mkutano ulikuwa pale kwenye banda la ghala, watu wamekaa juu ya magunia matupu. Mwenyekiti anasoma: daraja la kwanza, kilo elfu arobaini na nane, mia tatu na sitini. Watu kimya. Anafungua ukurasa wa pili: daraja la pili, kilo elfu arobaini na nane, mia tatu na sitini. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akainua fimbo yake.

"Mwanangu karani, hizo korosho zetu zinazaana ghalani?"

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi Newala. Mzee hakuwa anatania tu. Daraja la pili halilipwi sawa na la kwanza, na mtu akiona tarakimu mbili zinazofanana anajua kuna mahali anaibiwa. Ilinibidi nisimame niseme "wazee wangu, ni kosa la kompyuta". Hilo lilikuwa kosa langu la pili siku hiyo, maana kompyuta haikuwa na kosa lolote.

Jioni nikafungua faili. Nikachuja II, mistari ikabaki michache, nikaitazama ile seli ya chini: 48,360. Nikaondoa kichujio: 48,360. Nikachuja jina la mkulima mmoja tu aliyeleta gunia moja: 48,360! Mtu mmoja kavuna korosho za kijiji kizima.

Nikapeleka kompyuta kwa fundi mjini, kwenye duka la steshenari. Akaitazama kama daktari anavyotazama ulimi, akasema, "Kaka, Excel yako ina virusi, hii ni ya kuibia, tuifute tuweke upya." Elfu kumi na tano hivi, nikalipa kumi, tano nikasema nitaleta. Akaweka upya. Nikarudi, nikachuja II. Mnajua jibu.

Mwingine, huyu anajiita mhasibu, akanishauri nikishachuja ninakili mistari inayoonekana nikaibandike kwenye karatasi nyingine, SUM nikaiweke huko. Niseme ukweli, hii inafanya kazi, kwa sababu ukinakili orodha iliyochujwa Excel inachukua inayoonekana peke yake. Nikapata jumla ya daraja la pili peke yake, nikapumua. Kesho yake mkulima akaja na risiti yake, kilo zake zimeandikwa kwenye daraja lisilo lake. Nikarekebisha kwenye orodha kubwa, nikasahau zile karatasi mbili. Sasa nikawa na majumla matatu yasiyosalimiana. Sikushauri.

Kilichonifungua macho ni kitu kidogo sana. Nilikuwa nimechuja II na nimebana safu F kutoka kilo za kwanza hadi za mwisho, bila kuigusa ile jumla, kwa hasira tu. Kule chini kabisa ya dirisha, upande wa kulia, Excel imeandika `Sum: 3,915`. Na seli yangu inasema 48,360. Programu hiyohiyo, dirisha hilohilo, majibu mawili! Nikajua basi kwamba inayaona yaliyofichwa na yasiyofichwa, ila mimi ndiye nimeiuliza swali baya.

Siku hizo tulikuwa na binti wa chuo aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Mpole, hasemi mpaka aulizwe. Nikamwonyesha. Akasema, "Shikamoo kaka, samahani, hiyo SUM uliiandika kabla hujachuja, eti? Ifute. Sasa ukiwa umeshachuja, bofya AutoSum." Nikabofya ile alama ya Sigma, na Excel yenyewe, bila kuambiwa, ikaandika kitu kingine kabisa:

```
=SUBTOTAL(9,F2:F613)
```

3,915. Nikachuja I: 44,445. Nikajumlisha kwa simu: 48,360. Nilitaka kupiga vigelegele.

Alivyonieleza ni hivi. SUM haijui habari za kichujio. Ukiiambia F2 hadi F613 inakwenda F2 hadi F613, mstari uwe unaonekana au umefichwa. Kuchuja kwake ni pazia tu, nyuma ya pazia watu wote bado wamekaa. SUBTOTAL inaruka kila mstari ambao kichujio kimeuondoa. Na ile 9 ni namba ya kazi unayoitaka: 9 ni kujumlisha, 1 ni wastani, 2 ni kuhesabu seli zenye tarakimu. Mimi kwa siku mbili nzima niliamini 9 ni idadi ya safu, na nilikuwa nakaribia kuibadilisha kuwa 6 kwa kuwa mimi nina safu sita. Ningeifanya hivyo Excel ingejaribu kuzidisha kilo zenyewe kwa zenyewe, maana 6 ni kazi ya kuzidisha. Hapo mzee wa fimbo angenifukuza mkoani.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini kulikuwa na mistari saba ya korosho zilizorudishwa kwa wenyewe kwa sababu ya unyevu, zote daraja la pili, jumla kilo 540. Hazikutakiwa kwenye ripoti. Nikaondoa kichujio, nikaichagua ile mistari, nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua Hide. Ikapotea. Nikaangalia jumla nikitegemea 47,820. Ikaniangalia: 48,360.

Jamani. Nikaifunua, nikaificha tena. Nikaficha na mingine mitatu ya majaribio. Haitikisiki. Nikaifunua hiyo mitatu. Nilikuwa nimeshamsifia SUBTOTAL kwa mwenyekiti, nimeshamwambia "tatizo limekwisha, mzee". Nikamwita binti kwa sauti ambayo leo inanitia aibu. Akatabasamu tu, akaongeza tarakimu mbili mbele ya ile 9:

```
=SUBTOTAL(109,F2:F613)
```

47,820. Kumbe kufichwa na kichujio na kufichwa kwa mkono ni mambo mawili mbele ya Excel. 9 inaruka kilichoondolewa na kichujio, lakini mstari uliouficha mwenyewe kwa Hide bado inauhesabu. 109 inaruka vyote viwili. Kazi nyingine nazo zina ndugu zao wa mia: 1 ana 101, 2 ana 102. Na msije mkajaribu kuficha safu mkitegemea jumla ya kulala ipungue, 109 inajali mistari iliyofichwa tu. Safu ukiificha, haina habari.

Hata hivyo ile Hide nimeiacha kabisa. Mistari iliyofichwa kwa mkono haiachi alama ya kueleweka, isipokuwa namba za pembeni zinaruka, 87 halafu 90, na nani anaangalia namba za pembeni saa kumi na moja jioni? Siku hizi nina safu G niliyoiita Hali. Naandika "Imepokelewa" au "Imerudishwa", halafu nachuja huko. Kila mtu anaona kichujio kimewashwa na kimewashwa kwa nini.

Na jumla nimeihamisha juu. Niliingiza mistari mitatu juu ya vichwa vya orodha, wa tatu nikauacha wazi, vichwa vikashuka hadi mstari wa 4. Sasa F1 na F2 zinakaa hivi:

```
=SUM(F5:F616)
=SUBTOTAL(109,F5:F616)
```

Sikuifukuza SUM, mnaona. F1 ni ghala lote, F2 ni kinachoonekana. Zikilingana, hakuna kilichofichwa. Zikitofautiana, naangalia kwanza nimechuja nini kabla sijachapa karatasi. Nikichuja II na Imepokelewa, F2 inasema 3,375 na F1 inabaki 48,360 palepale. Hilo limeniokoa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Ila kuna mahali SUBTOTAL haikusaidii, na mwenyekiti alinifikisha hapo wiki hiyohiyo. Akataka ukurasa mmoja wenye madaraja yote mawili, kila moja na kilo zake. SUBTOTAL inafuata kichujio, na huwezi kuchuja I na II kwa wakati mmoja ukapata tarakimu mbili tofauti. Ukigusa kichujio, ripoti inabadilika chini ya mkono wako. Hapo ni SUMIFS, ambayo haijali pazia ila sharti uliloliandika:

```
=SUMIFS(F5:F616,D5:D616,"II",G5:G616,"Imepokelewa")
```

Hii inatoa 3,375 hata ukiwa umechuja jina la shangazi yako. Ya daraja la kwanza ni hiyohiyo, badilisha II iwe I, inatoa 44,445. Jumla 47,820. Kama kwenye kompyuta yako koma zinakataliwa, jaribu nukta mkato, inategemea mpangilio wa nchi uliowekwa.

Mkutano uliofuata mwenyekiti alisoma karatasi moja. Mzee wa fimbo alikuwepo, nguzo ileile. Alitoa simu yake ya vitufe, akajumlisha taratibu kwa kidole gumba, watu wanamngoja. Kisha akairudisha mfukoni na kuuliza lini malipo.

Yule fundi wa steshenari bado ananidai elfu tano yake. Nikipita mjini napita upande wa pili wa barabara.