Siku moja maishani mwangu: natunga mchezo wa redio kwa mdomo

Saa 10:30 alfajiri niko macho. Hapa Tabata ukichelewa kidogo tu, bodaboda zinaanza kupita na jirani anawasha redio, na mashine inayonisikiliza haijui sauti ipi ni yangu. Nanawa uso, nakunywa maji ya moto, nafunga dirisha.

Kazi yangu ni kuandika michezo ya redio ya dakika 15, mingi ni ya mambo ya afya. Rasimu ya kwanza siiandiki kwa vidole. Naisema, kompyuta inaandika, halafu nasafisha. Maneno ya redio yanaishi sikioni, na sentensi iliyoandikwa kimya kimya mara nyingi inamkata pumzi mwigizaji. Nikiisema mwenyewe, pumzi inaniambia mahali pa kuikata.

Saa 11 naanza. Mezani nina karatasi ya mwongozo: onyesho gani, nani anaingia, anataka nini, na kwa kalamu nyekundu, makatazo yote ambayo lazima yasikike. Nafungua Google Docs, nachagua Kiswahili cha Tanzania kwenye sehemu ya kuandika kwa sauti, nabonyeza kipaza sauti. Simu iko pembeni inarekodi, kwa sababu bila sauti hiyo sina cha kulinganisha baadaye.

Mashine haijui nani anaongea, na kwa Kiswahili haiweki nukta ukiitamka. Inaandika neno “nukta” kama lilivyo. Kwa hiyo kila mhusika nimempa jina la mji ambao hautajwi kwenye mchezo. Leo Lindi ni mama mkwe, Singida ni Neema, mkazamwana wake. Kigoma ni alama ya kuuliza. Mwishoni Ctrl+H inabadilisha yote kwa mkupuo. Kwa nini nisiite “Neema” moja kwa moja? Kwa sababu Lindi naye anamtaja Neema akiongea, na kila atakapomtaja jina lingegeuka kuwa mwanzo wa zamu mpya. Mikato siitamki kabisa: mtu akisema “njia ya mkato”, ubadilishaji wa mkupuo unamla neno lake. Naiweka kwa mkono wakati wa kusikiliza.

Saa 12 kasoro nimemaliza kuongea. Koo limekauka. Chai, chapati, watoto shule.

Saa 2 asubuhi nakaa kusafisha, na hapa ndipo kazi ilipo. Nusu saa ya kuongea inanidai saa tatu za kusafisha, wakati mwingine zaidi. Kipande cha leo kilitoka hivi:

Lindi we Neema huyo mtoto analia kiu nukta mpe maji ya uvuguvugu kidogo nukta Singida mama nesi amesema mtoto akiwa chini ya miezi sita umpe maji nukta

Soma tena sentensi ya mwisho. Mimi nilisema “usimpe maji”. Rekodi ipo na inasikika. Lakini Neema anamwogopa mkwewe, kwa hiyo niliisema kwa sauti ya chini, na katika “usimpe” mkazo unaangukia kwenye “m”. “Si” inapita haraka bila uzito. Mashine ikaidondosha. Kilichobaki ni Kiswahili safi kabisa. Hakuna mstari mwekundu, hakuna neno la ajabu, na jicho linalosoma haraka linaendelea na safari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji. Silabi moja imefuta ushauri wote na kuweka kinyume chake mdomoni mwa mhusika ambaye wasikilizaji wanamwamini.

Makosa mengine yanajitangaza. Neno linakatwa vipande viwili, “nilipo mwona”. “Haraka haraka” inabaki “haraka” moja. “Mahari” inakuwa “mahali”. Hayo unayaona. Ninaloliogopa ni kanusho lililopotea, ndiyo maana nina ile kalamu nyekundu: onyesho hili lina makatazo matatu kwenye mwongozo, kwa hiyo naweka visikizio masikioni na sitoki kwenye onyesho mpaka niyasikie yote matatu kwenye rekodi na kuyaona yote matatu kwenye maandishi.

Saa 4 na kitu simu inaita. Ni mteja, ofisa wa shirika linalogharamia mchezo huu.

“Dada, shikamoo. Umesharekodi?”

“Marahaba. Nimesharekodi, nasafisha. Jioni utaipata.”

“Naomba nitumie hivyo hivyo ilivyotoka. Bosi anataka aione kabla ya saa 6.”

Nikamwambia haijawa ya kusomwa na mtu. Akasema wao watairekebisha wenyewe. Nikamuuliza watairekebisha kwa kulinganisha na nini, na rekodi ninayo mimi. Kimya kidogo. Kisha likaja lile ninaloambiwa na wengi: “Lakini dada, si unaongea tu, mashine inaandika? Ndiyo maana hata bei tulitaka kuizungumza.”

Sikukata simu. Nilimsomea sentensi ya Neema kama ilivyotoka, polepole, nikamuuliza anasikia kosa gani. Akasema hasikii kosa. Nikamrushia kipande cha rekodi kwa WhatsApp, sekunde chache tu, nikamwomba asikilize kisha anipigie. Hakupiga. Dakika ishirini nzima nimekaa na simu mkononi, kazi imesimama, shingo inauma. Halafu umeme ukakatika, na intaneti ya nyumbani ikaondoka nao.

Ujumbe wake ukaingia: “Nimesikia. Basi jioni.” Baada ya nusu saa akapiga tena kuuliza kama angalau onyesho la kwanza linaweza kutangulia. Nikamwambia hapana, kwa sababu bosi wake akilipitisha onyesho moja, litanakiliwa na kusambazwa kabla sijamaliza yaliyobaki. Nilisema kwa upole, lakini nilisema mara tatu.

Mchana sikumbuki vizuri nilikula saa ngapi. Naunga intaneti kwa bando la simu, betri ya kompyuta inashuka, joto limejaa chumbani. Nasikiliza, nasimamisha, narudisha nyuma, naandika. Masikio yanachoka kabla ya macho.

Nikiwa katikati ya uchovu huo nikarudi kwa Neema. Kurudisha “si” mahali pake ni kusahihisha tu. Lakini kama mashine imeikosa silabi ile chumbani, dirisha limefungwa, mama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo huku anapika ataipata wapi? Nikaiandika zamu yake upya:

NEEMA: Mama, nesi amekataza maji. Hata tone. Ni ziwa langu tu, mpaka atimize miezi sita.

Sasa katazo limekaa kwenye neno zima, na limerudiwa kwa njia nyingine. Hata silabi mbili zikipotea njiani, maana inafika. Nikaisema kwa sauti, kwa hofu ile ile ya Neema, mashine ikaandika “amekataza” bila shida. Nikapitia makatazo mawili yaliyobaki kwa kipimo hicho hicho. Moja lilisimama, la pili nilililazimisha kubadilika mpaka likatoka sawa hata nikinong'ona.

Umeme umerudi jioni, sijui saa ngapi. Nasoma yote mara ya mwisho kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, nimesimama, maana ndivyo waigizaji watakavyoisoma studio.

Saa 2 usiku natuma skripti pamoja na ankara. Ankara ina mistari miwili kama kawaida yangu: kutunga, na kusafisha. Wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza. Safari hii ofisa hakuuliza kwa nini. Ameandika tu kwamba bosi amepitisha, na anataka kujua sehemu inayofuata itakuwa tayari lini.