Nilivyoigawa poti ya gigabiti 100 kwa seva nne

Seva nne mpya zilipofika, poti zote 48 za gigabiti 25 kwenye swichi yetu ya Nexus zilikuwa zimejaa, ilhali poti ya 49, ya gigabiti 100, ilikuwa haitumiki. Kwa ndani poti hiyo ni njia nne za gigabiti 25 zinazofanya kazi pamoja, na kwa sababu hiyo kebo ya shaba yenye kichwa kimoja kikubwa upande wa swichi na vichwa vinne vidogo upande wa seva huweza kuzitenganisha bila kifaa chochote katikati. Nilinunua ya mita 3, nikaichomeka, na hakuna taa iliyowaka, kwani swichi bado iliihesabu poti hiyo kuwa moja. Ilihitaji amri hii:

```
interface breakout module 1 port 49 map 25g-4x
```

Kabla ya kuiandika nilinakili mipangilio yote pembeni, na nashukuru nilifanya hivyo. Papo hapo `Ethernet1/49` ilitoweka pamoja na VLAN zake, MTU ya 9216 na maelezo yake, na mahali pake pakaja `Ethernet1/49/1` hadi `Ethernet1/49/4`, zote tupu kama zilivyotoka kiwandani. Niliziandikia upya moja baada ya nyingine. Nilichosahau ni mfumo wa ufuatiliaji, ambao uliendelea kuitafuta poti ya zamani na kutuma tahadhari usiku kucha.

Seva tatu ziliunganika. Ya nne, yenye kadi ya mtandao ya aina tofauti, ilikataa. Nilichomoa kichwa chake nikakichomeka kwenye seva ya kwanza, nacho kikafanya kazi, hivyo nikajua kwamba kebo ni nzima na tatizo liko kwenye seva. Kwa kasi ya gigabiti 25 pande zote mbili lazima zitumie mtindo mmoja wa kurekebisha makosa ya data, la sivyo kiungo hakisimami hata kidogo. Swichi ilikuwa kwenye `fc-fec`, na nilipoiuliza seva kwa `ethtool --show-fec ens1f0` ilinijibu `RS`. Nikaibadilisha seva itumie `baser`, jina ambalo `ethtool` huupa mtindo uleule wa `fc-fec`:

```
ethtool --set-fec ens1f0 encoding baser
```

Taa ikawaka baada ya sekunde chache. Amri hiyo haidumu seva ikizimwa na kuwashwa, kwa hiyo niliiweka pia miongoni mwa zile zinazoendeshwa seva inapoanza.

Baadaye mwenzangu alipendekeza tuunganishe `/1` na `/2` kwenye seva moja ili moja ikikatika nyingine ibaki. Nilikataa, maana zote mbili zinapita katika kichwa kimoja kikubwa, na anayekichomoa anazikatia mtandao seva zote nne kwa pamoja. Nimekifunga utepe mwekundu ulioandikwa majina ya seva hizo.